Kichocho kwenye katalogi: neno la msomaji na neno la mkutubi

Mwaka 1851, katika hospitali moja mjini Kairo, daktari Mjerumani Theodor Bilharz alipasua maiti na kukuta minyoo midogo ndani ya mishipa ya damu. Ugonjwa unaoletwa na minyoo hiyo ukaja kuitwa bilharzia kwa kumbukumbu yake. Wanasayansi wakaendelea na ubishi wao wa majina hadi wakakubaliana kuwaita minyoo hao Schistosoma, na vitabu vya tiba vikaanza kuandika `schistosomiasis`. Wafaransa na Wajerumani wanaandika `bilharziose`, na ndivyo utakavyoikuta katika vitabu vya afya kutoka Bujumbura au Kinshasa. Watu wa Pemba, wa Mwanza na wa Tanga hawakusubiri ubishi huo uishe. Kwao ni kichocho.

Mgonjwa akifika zahanati, tofauti hizi hazimdhuru, kwa sababu mganga anazijua zote na dawa ni ileile. Maktaba ni mambo mengine. Mashine ya kutafutia vitabu haijui kwamba kichocho na bilharzia ni kitu kimoja. Inachojua ni herufi. Ukiandika herufi nane za neno kichocho, inakwenda kutafuta herufi hizo nane zilivyopangwa vivyo hivyo, na isipozikuta inakujibu kwamba hakuna kitu, hata kama kabati zima nyuma yako limejaa vitabu vya ugonjwa huo.

Hapo ndipo zinapoachana njia mbili za kutafuta, na msomaji anayezijua zote mbili hutoka maktaba na vitabu ambavyo mwenzake ameambiwa havipo.

Njia ya kwanza ni maneno huru. Unaandika neno lolote linalokujia, na programu inalitafuta popote katika rekodi ya kitabu: katika jina la kitabu, jina la mwandishi, mchapishaji, maelezo, muhtasari kama upo. Ndiyo njia tuliyoizoea kwenye simu zetu. Njia ya pili ni vichwa vya mada. Mkutubi anayeandaa katalogi, tumwite mkatalogi, anakichukua kitabu mkononi, anakisoma kiasi cha kujua kinahusu nini, kisha anakipa kichwa kimoja au viwili kutoka katika orodha rasmi. Orodha hiyo imeamua tangu mwanzo kwamba kwa kila jambo litatumika jina moja tu. Ugonjwa wetu ukiwa umepewa jina `Schistosomiasis`, basi kila kitabu kinachouhusu kitaandikwa chini ya jina hilo, hata kama mwandishi mwenyewe hakulitumia mahali popote. Orodha ya namna hii ndiyo wataalamu wanayoiita msamiati uliodhibitiwa.

Orodha mbili zinatawala. Ya kwanza ni ya Maktaba ya Bunge la Marekani, iliyoanza kutungwa mwaka 1898, na ndiyo unayoikuta katika maktaba nyingi za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Ya pili ni ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya nchi hiyohiyo, inayoitwa MeSH, iliyotolewa mwaka 1960 na kufanyiwa marekebisho kila mwaka, nayo inatumika katika maktaba za vyuo vya afya na katika hazina ya makala za tiba ya PubMed. Kwa ugonjwa wetu orodha zote mbili zimechagua neno lilelile, `Schistosomiasis`. Jambo hilo linaturahisishia kazi.

Sasa tuingie katika maktaba moja ya mfano. Vitabu nitakavyovitaja nimevitunga, ila kila kimoja kinafanana na kitabu ambacho yeyote aliyefanya kazi katika maktaba ya chuo cha afya amewahi kukishika. Maktaba hii ina maandiko sita yanayohusu kichocho. La kwanza ni kijitabu cha Kiswahili chenye neno kichocho kwenye jina lake. La pili ni ripoti ya Kiingereza ya zamani kuhusu mashamba ya umwagiliaji, na kwenye jina lake imeandikwa `bilharzia`. La tatu ni tasnifu ya uzamili yenye neno `schistosomiasis`. La nne ni kitabu cha Kifaransa chenye `bilharziose`. La tano ni utafiti kuhusu konokono wa majini wanaobeba vimelea vya ugonjwa huu, na jina lake linataja konokono kwa Kiingereza, `snails`, bila kutaja ugonjwa wenyewe. La sita ni kitabu cha kufundishia, *Maji na Afya Vijijini*, chenye sura kumi na mbili, na sura ya saba ndiyo ya kichocho.

Mwanafunzi wa uuguzi anaandika `kichocho`. Anapata kimoja, kile kijitabu. Akijua pia jina la kizungu akaandika `bilharzia`, anapata ripoti ya zamani peke yake. Kitabu cha Kifaransa hakitokei, maana `bilharzia` na `bilharziose` zinatofautiana mwishoni. Kama amefundishwa kutumia kinyota, ataandika `bilharz*`, yaani nitafutie kila neno linaloanza na herufi hizi, na hapo ripoti na kitabu cha Kifaransa vitatokea pamoja. Bado tasnifu imejificha, bado konokono, bado sura ya saba.

Mwanafunzi mwingine anaanza vilevile, na anakipata kijitabu kilekile kimoja. Tofauti yake ni kwamba haondoki. Anaifungua rekodi ya kijitabu hicho na kuitazama chini, pale panapoandikwa mada. Anakuta `Schistosomiasis--Tanzania`. Anabofya. Sasa zinamjia tasnifu, ripoti na kijitabu chenyewe. Akiondoa Tanzania na kuacha kichwa kitupu, anapata pia kitabu cha Kifaransa, kwa sababu mkatalogi aliyekishughulikia alijua kinahusu nini ingawa kiliandikwa kwa lugha nyingine. Utafiti wa konokono nao umo, kwa kuwa mkatalogi aliupa vichwa viwili, kimoja cha konokono na kimoja cha ugonjwa. Matano kati ya sita, kwa mbofyo mmoja au miwili, bila kujua Kifaransa na bila kulijua jina la kisayansi kabla ya kuingia.

Hivi ndivyo ningependa kila mtu afundishwe siku ya kwanza anapopewa kadi ya maktaba. Ingia kwa neno lako mwenyewe, tafuta rekodi moja tu iliyo sahihi, kisha iulize rekodi hiyo jambo hili linaitwaje humu ndani. Hakuna haja ya kukariri orodha ya Wamarekani. Kitabu kimoja kilichoorodheshwa vizuri kinakupa neno linalofungua vingine vyote. Ukishalijua, unaweza hata kuliandika moja kwa moja. Katika Koha, programu huria inayotumika katika maktaba nyingi za kanda yetu, unaandika hivi kwenye kisanduku cha kutafutia:

```
su:schistosomiasis
```

Herufi `su` zinaiambia programu itafute katika sehemu ya mada peke yake, isihangaike na majina ya vitabu wala muhtasari.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini watu wasiandike tu neno sahihi tangu mwanzo. Jibu ni kwamba watu hawakubaliani juu ya maneno, na kutokubaliana huko kumepimwa. Mwaka 1987 George Furnas na wenzake walichapisha utafiti wa namna watu wanavyochagua maneno ya kuitia vitu na amri za kompyuta. Waliona kwamba uwezekano wa watu wawili kuchagua neno lilelile kwa kitu kilekile ulikuwa chini ya asilimia 20. Watu hao walikuwa wakitumia lugha moja. Weka kati yao lugha tatu au nne, kama ilivyo kwenye rafu za maktaba zetu, na asilimia hiyo inazidi kuporomoka.

Wakutubi wawili wa Marekani, Tina Gross na Arlene Taylor, waliliendea swali hili kwa njia nyingine mwaka 2005. Walichukua utafutaji wa maneno huru uliofanikiwa, yaani ambao mtu aliandika maneno yake na akapata vitabu, kisha wakauliza: ni rekodi ngapi kati ya hizo zilipatikana kwa sababu neno lilikuwamo ndani ya vichwa vya mada, na wala si kwingineko? Walikuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya rekodi zingepotea kama vichwa vya mada visingekuwapo. Miaka kumi baadaye uchunguzi huo ulirudiwa katika katalogi ambayo rekodi zake zilikuwa zimeongezewa yaliyomo na muhtasari. Hasara ilipungua, lakini bado ilizidi robo. Matokeo haya hunigusa kila ninapomsikia mtu akisema kwamba siku hizi vichwa vya mada havina kazi kwa kuwa kila mtu anatafuta kwa maneno yake. Anayetafuta kwa maneno yake anakula jasho la mkatalogi bila kujua.

Kwa Kiswahili kuna tatizo jingine ambalo vitabu vya ukutubi vilivyoandikwa Ulaya na Marekani havilizungumzii, kwa sababu kwao halipo. Kile kinyota nilichokitaja hukata neno mwishoni. Kinafaa sana kwa lugha ambazo maneno yake hubadilika mkiani. Kiswahili hubadilika kichwani. Ugonjwa ukizidi mmoja ni magonjwa, mdudu ni wadudu, kijiji ni vijiji, mto ni mito, jino ni meno. Ukiandika `ugonjwa*` utapata ugonjwa na hutapata magonjwa hata yakiwa mia. Programu nyingi za katalogi ama haziruhusu kinyota kukaa mbele ya neno, ama zinakiruhusu kwa shida, kwa kuwa orodha ya maneno ndani ya mashine imepangwa kwa herufi ya kwanza. Kwa hiyo anayetafuta vitabu vya Kiswahili kwa maneno huru hana budi kuandika umoja na wingi yeye mwenyewe, hivi:

```
ugonjwa OR magonjwa
```

Na hata hapo hajasalimika. Kichocho ni ugonjwa wa watu wanaoishi kando ya maji, basi mtafutaji anaweza kufikiri aandike `ziwa OR maziwa`. Vitabu vya Ziwa Viktoria na vya Maziwa Makuu vitakuja, na nyuma yao vitakuja vitabu vya ng'ombe wa maziwa, usindikaji wa maziwa na unyonyeshaji wa watoto. Mashine imetimiza ilichoambiwa. Herufi ni zilezile. Vichwa vya mada haviwezi kuanguka katika shimo hili, kwa kuwa aliyevitoa ni mtu aliyekitazama kitabu na kujua kama ni maziwa ya kuogelea au ya kunywa.

Mpaka hapa inaonekana kana kwamba nimekata shauri, vichwa vya mada ndivyo na maneno huru yaachwe. Sivyo, na ile sura ya saba ya *Maji na Afya Vijijini* ndiyo shahidi. Kitabu hicho hakitapewa kichwa cha kichocho kamwe kama mkatalogi anafuata kanuni. Mwongozo wa Maktaba ya Bunge la Marekani unamwelekeza mkatalogi atoe vichwa kwa mada zinazochukua angalau asilimia 20 ya kitabu. Sura moja kati ya kumi na mbili ni kama asilimia 8. Kwa hiyo kitabu kitawekwa chini ya usafi wa maji na afya ya vijijini, na sura nzuri ya kichocho, pengine iliyo bora kuliko kijitabu kizima, itabaki humo ndani bila kujulikana. Atakayeipata ni anayetumia maneno huru, na ataipata kwa sharti moja: mtu awe ameandika orodha ya sura katika rekodi. Sehemu ya kuandikia ipo, nayo ni namba `505` katika mfumo wa rekodi unaotumiwa na maktaba dunia nzima. Mara nyingi iko tupu.

Maneno huru yanashinda pia kwa mambo mapya. Orodha rasmi haiwezi kuwa na jina la jambo ambalo bado halijapata jina. UKIMWI uliingia katika MeSH kama kichwa kamili mwaka 1983, wakati maandiko ya kwanza kuhusu ugonjwa huo yalitoka mwaka 1981. Mtu anayetafuta maandiko ya miezi ile ya mwanzo kwa kichwa cha leo yuko hatarini kuyakosa, kwani yaliorodheshwa kwa majina ya dalili na ya maradhi nyemelezi. Mtafiti mwenye busara huacha vichwa na kutafuta kwa maneno waliyotumia waandishi wa wakati ule.

Na kuna kosa moja ambalo wasomaji hulifanya kwenye vichwa vya mada kwa nia njema kabisa. Wanaanza na neno pana. Wanasema, kichocho ni ugonjwa wa vimelea, basi nitafute `Parasitic diseases`, humo kichocho kitakuwamo. Hakitakuwamo. Charles Cutter, mkutubi wa Boston aliyetunga kanuni za katalogi mwaka 1876, aliagiza kwamba kitabu kiwekwe chini ya mada yake yenyewe, kisiwekwe chini ya kundi pana ambamo mada hiyo imo. Mfano wake mwenyewe ulikuwa kitabu kuhusu paka. Kinawekwa chini ya paka, na hakiwekwi chini ya elimu ya wanyama, wala chini ya wanyama wanyonyeshao, wala chini ya wanyama wa kufugwa. Kanuni hiyo ingali hai. Chini ya `Parasitic diseases` utakuta vitabu vinavyozungumzia magonjwa ya vimelea kwa jumla, na vya kichocho viko kwake. Dalili ya kwamba umeangukia hapa ni kuona orodha ya vitabu vinene vya kufundishia, vyote vya jumla, na hakuna hata kimoja kinachogusa swali lako. PubMed ni tofauti kidogo: humo, ukitafuta kwa kichwa kipana cha MeSH, mashine hujumlisha vichwa vyembamba vilivyo chini yake. Katalogi ya kawaida ya maktaba haifanyi hivyo.

Lazima pia niseme juu ya anayetunga orodha. Jina likishaidhinishwa Washington linaingia katika maelfu ya maktaba, na linakaa humo kama kwamba halikuchaguliwa na mtu. Sanford Berman, mkutubi Mmarekani, alifanya kazi Chuo Kikuu cha Zambia mwishoni mwa miaka ya 1960, na baadaye Makerere. Akiwa Zambia alionyeshwa na wenzake Waafrika kwamba katalogi waliyokuwa wakiitumia ina kichwa `Kafirs`, kikimaanisha Waafrika weusi wa kusini mwa bara hili. Kwa watu wa huko neno hilo ni tusi zito. Mkutubi Mwafrika alikuwa analazimika kulichapa kwa mkono wake kwenye kadi, katika maktaba ya nchi iliyokwisha kujitawala. Berman alirudi na swali lile akalikuza, na mwaka 1971 akachapisha kitabu kizima kinachopitia vichwa vya Maktaba ya Bunge kimoja baada ya kingine na kueleza ni wapi vinawadhalilisha watu. Mengi aliyoyapigania yalikuja kurekebishwa, baadhi baada ya miaka mingi.

Kuna waliosema kwamba dawa ya hayo ni kuachana na orodha na kuachia maneno ya waandishi na wasomaji. Hoja yao ina nguvu, tena ina jaribio nyuma yake. Katika miaka ya 1960, huko Cranfield nchini Uingereza, Cyril Cleverdon alipima njia mbalimbali za kuorodhesha maandiko 1,400 ya elimu ya ndege. Alitarajia misamiati iliyotungwa kwa uangalifu ishinde. Yaliyoshinda yalikuwa maneno ya kawaida yaliyochukuliwa mmoja mmoja kutoka ndani ya maandiko yenyewe. Alishangaa, na wenzake wengi walikataa kuamini. Lakini tazama mazingira yake. Maandiko ya fani moja, ya lugha moja, yaliyoandikwa na wahandisi kwa ajili ya wahandisi. Watu hao walikuwa tayari wamekubaliana juu ya majina ya vitu. Katika maktaba yenye kijitabu cha Kiswahili, tasnifu ya Kiingereza na kitabu cha Kifaransa, wasomaji na waandishi hawajawahi kukaa meza moja wakakubaliana. Hapo orodha ndiyo meza yenyewe.

Kwa hiyo ninachokitaka si kuondoa orodha. Ninataka Kiswahili kiingie ndani yake, na mlango upo. Kila kichwa rasmi kina rekodi yake ndani ya programu ya maktaba, na katika rekodi hiyo kuna nafasi ya kuandika majina mengine ya jambo hilohilo, yale ambayo hayakuchaguliwa. Kichwa kilichochaguliwa kinaandikwa kwenye namba `150`. Majina yaliyoachwa yanaandikwa kwenye namba `450`, moja moja, mengi kadiri unavyotaka. Rekodi ya ugonjwa wetu, ikishapita mkononi mwa mkutubi anayewajua wasomaji wake, ingesomeka hivi:

```
150    $a Schistosomiasis
450    $a Bilharzia
450    $a Bilharziose
450    $a Kichocho
```

Mstari huo wa mwisho haumwombi ruhusa mtu yeyote Washington. Maktaba inauongeza katika nakala yake yenyewe. Ila kuuongeza peke yake hakutoshi, na hapa ndipo kazi nzuri huharibikia. Katika Koha, maneno ya `450` hayaingizwi katika utafutaji wa vitabu mpaka msimamizi wa mfumo awashe chaguo linaloitwa `IncludeSeeFromInSearches`. Programu inapofungwa mara ya kwanza, chaguo hilo huwa limezimwa. Akishaliwasha, ni lazima faharasa ya katalogi ijengwe upya, la sivyo hakuna kitakachobadilika kwenye skrini. Na kuna sharti la tatu: rekodi ya kila kitabu iwe imeunganishwa na rekodi ya kichwa chake. Rekodi zilizonakiliwa kutoka maktaba nyingine mara nyingi huja na maneno ya kichwa yakiwa maandishi matupu tu, bila kiungo. Macho hayaoni tofauti. Unaigundua unapoandika `kichocho` na kuona baadhi ya vitabu vinaitika na vingine, vyenye kichwa kilekile, vimenyamaza.

Masharti matatu yakitimia, yule mwanafunzi wetu wa kwanza, asiyejua kinyota wala `su`, anaandika neno alilofundishwa na mama yake na anapata vitabu vitano badala ya kimoja. Cha sita kitamjia siku mtu atakapokaa na kuandika majina ya sura kumi na mbili kwenye `505`, kazi ya kama robo saa.

Kwa kichocho kazi ni nyepesi, kwa sababu neno letu na neno lao vinalingana. Vivyo hivyo surua, pepopunda, kichaa cha mbwa. Ugumu unaanza kwenye degedege. Wataalamu wa tiba wanaposikia degedege hufikiria mtoto mwenye mtukutiko, na mara nyingi malaria kali iliyopanda kichwani. Wazazi wengi kwa miaka mingi wameichukulia kuwa ugonjwa mwingine kabisa, wenye chanzo chake na waganga wake, na hilo limewahi kuchelewesha watoto kufika hospitali. Makala ya mwaka 1996, iliyotokana na utafiti wilayani Bagamoyo, ina neno degedege ndani ya jina lake, kwa sababu watafiti waliona hawawezi kueleza walichokikuta kwa kutumia neno la kitabibu peke yake.

Sasa mkutubi aliandike neno hilo kwenye `450` ya kichwa gani? Akiliweka chini ya malaria ya ubongo, amekata kauli ambayo si kila mgonjwa wa degedege anaithibitisha, kwa kuwa homa nyingine nazo humtikisa mtoto. Akiliweka chini ya mtukutiko, aliyetaka malaria hataiona. Mimi ningeliandika chini ya vyote viwili, niruhusu vitabu vya pande mbili vije pamoja na msomaji achague, hata kama orodha yake itakuwa ndefu kidogo na yenye vichache asivyovihitaji. Na kwa maandiko yanayohusu imani na tiba za degedege kama watu wenyewe wanavyoielewa, ningefungua kichwa kipya cha maktaba yangu, `Degedege`, kwenye namba `150`.